Makyuli, papyuli, plaki, vesiko, pastyuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuelezea kilichotokea kwenye ngozi

Kwani daktari akiandika "mgonjwa ana vipele" kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba anayesoma bado hajaambiwa kitu. Vipele kwetu ni chunusi, ni joto la mtoto, ni upele wa kuwashwa usiku, ni surua, ni tetekuwanga, ni aleji ya dawa, ni mkanda wa jeshi unapoanza, yote hayo mtu anaita vipele na hakosei, ila ukimpigia simu daktari aliye kilomita mia mbili ukamwambia "ana vipele mwili mzima" itabidi aanze kukuuliza upya: vimeinuka? vina maji? vina ukubwa gani? vimeanzia wapi?

Alafu kuna jambo la pili ambalo mimi naliona ndio kubwa zaidi. Wengi tunakimbilia jina la ugonjwa. Tabibu anaangalia sekunde tano anaandika "tetekuwanga", basi, kila atakayeshika lile faili baada yake anaendelea na tetekuwanga. Kumbe angeandika "vesiko za milimita 2 mpaka 4, kifuani na mgongoni, nyingine zimeshafanya kigaga", hata kama jina aliloweka chini ni la kukosea, yale maelezo yenyewe yanabaki kweli na mtu mwingine anaweza kufikiria upya kutokea hapo. Kilichoonekana kinakaa peke yake, unachodhani kinakaa peke yake. Hii ndio kazi ya haya maneno, na ndio maana wanafunzi wa afya wanakazaniwa kuelezea kwanza kabla hawajaruhusiwa kutaja ugonjwa.

Sawa, sasa hayo maneno matano maana yake nini kwa Kiswahili cha kawaida?

Kabla ya matano, kuna neno mama ambalo ni lesheni, yani sehemu yoyote ya ngozi iliyobadilika ikawa tofauti na ngozi ya jirani yake, iwe doa, iwe uvimbe, iwe lengelenge.

Makyuli ni doa ambalo limebadilika rangi tu. Ukifumba macho ukapitisha kidole hulisikii. Papyuli ni kile kilichoinuka, kigumu ndani, hakina maji, kidogo. Plaki nayo imeinuka ila ni pana kuliko ilivyo kwenda juu, juu yake ni bapa, fikiria chapati imewekwa mezani. Mara nyingi plaki inatokana na papyuli nyingi zilizokaribiana mpaka zikashikana. Vesiko ni lengelenge dogo lenye maji maangavu. Pastyuli ni dogo lililojaa usaha, yani ndani kuna weupe au unjano usiopitisha mwanga.

Yapo na ya saizi kubwa: makyuli ikiwa kubwa tunaiita baka, papyuli ikiwa kubwa na imezama chini inakuwa nodyuli, vesiko ikiwa kubwa inakuwa bula. Lakini ukizishika zile tano vizuri nyingine zinakuja zenyewe, kwasababu maswali ni yaleyale matatu: imeinuka au haijainuka? ndani kuna maji, usaha, au nyama tu? ina upana gani?

Mpaka wa ukubwa ni milimita 5 au sentimita 1? Nimeona vitabu vinapingana.

Vinapingana kweli. Vingine vinakata papyuli na vesiko kwenye milimita 5, vingine kwenye sentimita 1, na wote ni watu wa maana. Dawa yake ni rahisi, andika namba. "Papyuli za milimita 3 hadi 6" haina ubishi kokote itakaposomwa. Tumia rula, ile ya mtoto wa shule inatosha, na kama huna weka sarafu pembeni ya lesheni ukitaja ni sarafu gani. Maneno kama "ndogo ndogo" au "kubwa kiasi" yaache.

Nitajuaje kama imeinuka? Kwa macho naona zote sawa.

Usitegemee macho peke yake, hasa kwenye ngozi nyeusi. Picha nyingi za vitabu vya zamani ni za ngozi nyeupe, kwahiyo mtu amefundishwa kutafuta wekundu, sasa kwa mgonjwa wetu ule wekundu unatokea kama weusi uliokolea, zambarau, au rangi ya kijivujivu, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Surua kwa mtoto mweusi inaweza kukupita hivihivi, unaona tu ngozi imekuwa kama imechafuka, ila ukipitisha vidole kifuani unasikia mikwaruzo.

Fanya hivi. Zima taa ya juu, chukua tochi ya simu uiweke ubavuni, karibu ilale na ngozi, ukimulika kwa upande kila kilichoinuka kinatupa kivuli na kilicho flati hakitupi. Baada ya hapo vaa glavu, pitisha ncha ya kidole taratibu kutoka ngozi nzima kuingia kwenye lesheni. Kama kidole hakikuona mpaka, hiyo ni makyuli. Kikigonga ukingo, imeinuka.

Kuna jaribio lingine la kubonyeza kwa kioo au gilasi ya plastiki angavu. Doa jekundu likipotea ukibonyeza maana yake damu iko ndani ya mishipa iliyotanuka. Lisipopotea maana yake damu imeshavuja nje ya mshipa. Mgonjwa mwenye homa alafu ana madoa yasiyopotea ukibonyeza, huyo hasubiri foleni, awahishwe sasa hivi, kwasababu inaweza kuwa bakteria wa uti wa mgongo wameingia kwenye damu. Kwa ngozi nyeusi sana hili jaribio linasumbua, angalia pia viganja, nyayo, ndani ya mdomo na ndani ya kope.

Pastyuli ina usaha, kwahiyo ni bakteria, kwahiyo antibayotiki. Si ndio?

Hapana, na hapa watu wanachomwa sindano bure kila siku. Usaha ni mkusanyiko wa chembe nyeupe za damu. Zinaweza kuwa zimeitwa na bakteria, ndio, kama kwenye kijipu cha kwenye kinyweleo, lakini kuna aina ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, inayotoa pastyuli kwenye viganja na nyayo na ukipeleka ule usaha maabara hauoti kitu. Virusi vya homa ya nyani, ambayo tangu 2022 inaitwa mpoksi, navyo vinatengeneza kitu kinachoonekana pastyuli kabisa, nyeupe, mviringo, lakini ukiigusa ni ngumu, na ndani hakuna usaha wa kutiririka bali mabaki ya chembe za ngozi zilizokufa.

Kwahiyo neno pastyuli halikwambii chanzo. Linakwambia ulichoona. Chanzo unakitafuta kwa vitu vingine: zimekaa wapi, zimekuja kwa mpangilio gani, zina umri gani, mgonjwa ana homa au hana.

Nipeni mfano mmoja ambapo haya maneno yanabadilisha kabisa maamuzi.

Tetekuwanga na mpoksi. Hili sio la kwenye vitabu tu, mlipuko wa mpoksi ulioanza Kamituga, Kivu Kusini nchini Kongo, mwaka 2023 ulifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya katikati ya 2024, mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa mwisho wa Julai baada ya kugundulika mpakani Taveta, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Na huko huko vituoni tetekuwanga ilikuwa ipo inaendelea na kazi zake kama miaka yote. Sasa mtu anaingia ana malengelenge na homa, utamtenga au utampa losheni ya kalamini umrudishe nyumbani?

Magonjwa yote mawili yanapita njia ileile: makyuli, papyuli, vesiko, pastyuli, kigaga. Tofauti iko kwenye mwendo na kwenye mpangilio.

Tetekuwanga inakimbia. Doa la asubuhi linaweza kuwa lengelenge jioni, na ndani ya siku moja au mbili limeanza kukauka. Zinakuja kwa mafungu mafungu siku kadhaa mfululizo, kwahiyo ukiangalia mgongo mmoja, eneo la kiganja kimoja tu, unakuta makyuli mpya, papyuli, vesiko na kigaga vyote pamoja. Zenyewe ziko juujuu ya ngozi, laini, ukubwa tofautitofauti, zinapasuka kirahisi, zinawasha sana, na zinapenda kiwiliwili kuliko mikono na miguu.

Mpoksi ile ya kawaida inatembea taratibu. Makyuli siku moja au mbili, papyuli siku moja au mbili, vesiko hivyohivyo, alafu inakaa kwenye pastyuli siku 5 mpaka 7, kisha vigaga wiki moja hadi mbili. Kwenye eneo moja la mwili zinakuwa za umri mmoja, kama ni mkono wote umejaa pastyuli basi ni pastyuli tu. Zimezama, ngumu, mviringo, zinalingana, nyingi zina kishimo katikati kama kitovu, zinauma, na zinapenda uso, viganja na nyayo. Na tezi zinavimba, shingoni, kwapani, mitoki kwenye nyonga, ambayo kwa tetekuwanga sio kawaida sana.

Ila msikariri hii kama sheria. Kwenye milipuko ya tangu 2022 wapo wagonjwa waliokuja na lesheni chache sana, tena sehemu za siri au njia ya haja kubwa peke yake, na wapo ambao zilikuwa za umri tofauti. Kongo wameonekana pia watu wenye magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Maelezo yanakusaidia kuamua nani umtenge na nani uchukue sampuli, jibu la mwisho linatoka maabara.

Maelezo kamili yanasikikaje kwenye simu?

Tuseme tabibu kijana yuko kwenye zahanati ya njia kuu ya malori, anampigia daktari wa ngozi hospitali ya mkoa. Ni mfano tu huu, ila simu za hivi ndivyo zinavyokwenda.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba, nambie."

"Nina kaka hapa wa miaka 31, utingo wa lori. Homa na mwili kuuma siku tatu, alafu siku ya nne akatokwa. Leo ni siku ya sita tangu zianze."

"Nielezee unachokiona, usinipe jina."

"Ni pastyuli, kama arobaini hivi, milimita 5 mpaka 8, mviringo, zinalingana. Nimezigusa na glavu, ngumu, zimezama, na nyingi zina kishimo katikati. Ziko usoni, mikono kuanzia kiwiko kushuka, viganja vyote viwili, na kama saba kwenye ngozi ya uume."

"Kuna vesiko mpya au vigaga katikati yake?"

"Nimetafuta dokta, mkononi zote ni za hatua moja. Sehemu za siri ndio naona mbili zimeshaanza kuweka kigaga, anasema hizo ndio zilianza."

"Mgongoni?"

"Tatu tu."

"Tezi?"

"Mitoki pande zote mbili, kama sentimita 2, inauma ukibonyeza."

"Basi huyo mtenge sasa hivi, mvalishe barakoa, zifunike lesheni, mpigie mratibu wa magonjwa wilayani, na usizipasue. Sugua usufi wa sampuli kwa nguvu juu ya lesheni mbili za sehemu tofauti, kila moja na kijiti chake."

Angalia hapo hakuna mtu aliyetaja mpoksi mpaka maamuzi yanatoka, na wote wawili wameelewana. Yule daktari hajaona hata picha. Neno pastyuli limemwambia zimeshapita vesiko, "siku ya sita" imemwambia mwendo ni wa taratibu maana tetekuwanga ya siku sita ingekuwa imeshajaa vigaga, "hatua moja" na "viganja" vimeongeza uzito, na zile za sehemu za siri zilizotangulia zinaonyesha pengine ndiko virusi vilikoingilia. Sasa mtu huyohuyo angeelezewa "kijana ana vipele vya usaha na homa" angeondoka na vidonge vya antibayotiki akapanda lori lake.

Makosa gani yanaharibu maelezo mara nyingi?

La kwanza ni kuelezea ile lesheni inayotisha kuliko zote. Ile kubwa iliyopasuka inavuta macho lakini imeshakunwa, imepakwa majani, imepakwa dawa ya meno, haina tena sura yake ya asili. Tafuta changa, ile iliyotokea jana au leo, ambayo haijaguswa, hiyo ndio inasema ukweli. Muulize mgonjwa mwenyewe "ipi ni mpya kabisa?" anajua. Ulichoona kwenye zile kuukuu (magamba, vigaga, michubuko ya kucha, ngozi iliyokuwa nene kwa kujikuna) kiandike pia lakini useme ni kuukuu, kwasababu kigaga kinaweza kuwa kilianza kama vesiko au pastyuli au hata papyuli iliyokunwa.

La pili, na hili linaniumiza kweli, ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani, yani dawa ya kutuliza wekundu na muwasho, zinauzwa madukani bila cheti na kila nyumba ina tyubu. Fangasi wa mviringo ambaye kwa kawaida ni plaki yenye ukingo ulioinuka, magamba pembeni na katikati pamepoa, ukimpaka steroidi wiki tatu wekundu unapungua, magamba yanapotea, ukingo unalala, na huku fangasi mwenyewe anatambaa kwa raha zake. Akija kliniki unaona baka kubwa lisilo na umbo na papyuli chache ndani, hata mtaalamu anaweza kupotea. Kwahiyo kwenye maelezo yako weka mstari wa "amepaka nini na kwa muda gani", na mwambie alete tyubu yenyewe.

La tatu ni kusahau mpangilio. "Vesiko" peke yake haitoshi, lakini "vesiko zilizokaa kwa vikundi, upande mmoja wa kifua, zimefuata mstari kutoka mgongoni hadi mbele na hazijavuka katikati" hiyo karibu kila mtu wa afya ataisoma mkanda wa jeshi.

Makyuli ni doa tu la flati, lina haja gani ya kuhangaika nalo?

Baka la flati lenye rangi iliyofifia ni mojawapo ya sura za ukoma, ndio haja yake. Haliumi, haliwashi, mtu anakaa nalo miaka. Elezea hivi: liko flati au ukingo umeinuka, rangi imefifia au imekuwa nyeupe pee kama maziwa (nyeupe pee inaelekea zaidi vitiligo, ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi), ukikwaruza kwa ukucha linatoa unga wa magamba laini au halitoi (likitoa fikiria fangasi). Kisha chukua pamba, ivute iwe na ncha, mwambie mgonjwa afumbe macho aonyeshe kwa kidole kila unapomgusa. Anza ngozi nzima, ingia kwenye baka. Akishindwa kuonyesha ndani ya baka wakati nje anaonyesha vizuri, baka lisilo na hisia ni dalili kuu ya ukoma, apelekwe kituo kinachotoa dawa, ni za bure na zinaponya.

Haya maneno alianzisha nani?

Mizizi yake ni Kilatini na yalikuwepo zamani bila mpangilio, kila daktari akiyatumia anavyotaka. Mwaka 1776 Josef Plenck aliyapanga magonjwa ya ngozi kwa sura inayoonekana, alafu Robert Willan, daktari wa London aliyefariki 1812, akayabana zaidi, akatengeneza makundi manane na kuyawekea picha za rangi ili wote wanaosema papyuli wawe wanaongelea kitu kimoja. Wakati ule hakuna aliyejua virusi wala bakteria ni nini, na pengine ndio maana mfumo wao umedumu, haukusimama juu ya nadharia ya chanzo.

Mimi sio mtu wa afya. Nikimtumia ndugu yangu daktari picha haitoshi?

Picha inasaidia lakini inaficha vitu viwili, kuinuka na ugumu, na kamera za simu zinabadilisha rangi, nyingine zinalainisha ngozi zenyewe. Tuma picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha eneo lote, moja ya karibu ikiwa na rula, moja ya ubavuni karibu na dirisha mchana. Zima filta na usitumie flashi. Chini yake andika kwa Kiswahili chako tu, huhitaji kusema papyuli wala plaki: imeinuka au iko flati ukigusa, ina maji au usaha au haina, milimita ngapi, ilianza lini na wapi, ilikuwaje siku ya kwanza, inawasha au inauma, umepaka nini. Ukiwa na homa, au lesheni ziko machoni, mdomoni au sehemu za siri, au ngozi inachubuka yenyewe kama imeungua, usisubiri ajibu meseji, nenda kituo cha afya.